Hesabu ya Mama Imebaki

Kaka yake Kidoti alibandikwa jina la Meneja, na jamani, jina lilimpanda kichwani. Kidoti ndiye aliyeshona na kufundisha mbele ya simu; Meneja alipandisha video kwenye chaneli na kukalia nywila ya kuingilia kana kwamba aliizaa yeye.

Siku hiyo karani wa kampuni ya nyuzi alifika kiwandani kwao, chumba kimoja chenye cherehani mbili, kuamua kama watadhaminiwa. Alifungua kompyuta ya Meneja, akasoma jumla ya watazamaji kwenye ripoti, kisha akaanza kujumlisha video moja moja. Uso ukamkunjika. Jumla ilisema elfu tisini na moja; video zote kwenye orodha, hata zilizofichwa, hazikuvuka elfu hamsini. Akauliza, kwa adabu ya mtu aliyekwisha kukasirika, kama wamenunua watazamaji.

Kidoti alitaka ardhi ipasuke. Meneja wala hakutetereka.

"Hakuna wizi, mheshimiwa," alisema. "Kuna video nilizifuta. Ukifuta video inatoka kwenye orodha, lakini mara ilizotazamwa zinabaki kwenye jumla ya ripoti. Hizo elfu arobaini na moja ni za zamani."

Karani akataka ushahidi. Meneja akarudisha grafu nyuma, na kweli, mstari ulipanda kama mlima miezi ile ya mwanzo, na chini yake hakuna video hata moja. Karani akaridhika.

Kidoti aliitambua miezi ile. Ni miezi ambayo mama yao, kabla hajalala kitandani asiamke tena, alifundisha kukata kola huku akiwatania wateja. Video hizo zilipotoweka, Meneja alimwambia amezificha tu mpaka msiba upoe. Kwa mtazamaji wa nje, iliyofichwa na iliyofutwa ni mamoja, hazionekani. Kidoti hakuwa na nywila, akaamini. Na desturi yao ilikuwa video ikishapanda, simu inasafishwa ipate nafasi, kwa hiyo nakala nyingine haikuwepo.

"Uliniambia umezificha," Kidoti alimwambia kaka yake.

Meneja akakwepa macho yake. Akaanza kueleza, mara picha zilikuwa na ukungu, mara zilishusha hadhi ya chaneli. Kidoti akauliza kama zinarudi. Hazirudi, Meneja alisema, na sauti ikampungua.

Karani, ambaye hakuelewa kitu, alikuwa tayari amefungua kalamu. Akauliza, kwa ajili ya taarifa yake, ni mwalimu gani aliyewaletea watazamaji wengi namna hiyo, maana kampuni ingependa kumtumia kwenye tangazo.

Meneja akaanza kufunga kompyuta.

"Mama yetu," Kidoti akamjibu. "Video zake hazipo tena. Andika jumla yake tu, ndiyo pekee aliyotubakishia kaka yangu huyu."