Maduara Matatu Mekundu

Mpiga picha alipanda ngazi za chumba cha habari mbili mbili, miaka yake hamsini na miwili ikimkumbusha kila hatua, hasira ikimsukuma kwa nyuma. Saa sita mchana gazeti lake mwenyewe, alilolitumikia tangu enzi za filamu, lilikuwa limeiondoa picha yake mtandaoni na kuweka tangazo la kuomba radhi: ile picha ya darasa lililoangukiwa na ukuta imetengenezwa kwa akili bandia, na aliyeileta anachunguzwa.

Anachunguzwa na nani? Hakuna hata mmoja aliyempigia simu. Yaani mtu anavuliwa nguo hadharani, halafu anapata habari kutoka kwa shemeji yake!

Mhariri wa picha alikuwa kwenye kompyuta. Chumba kizima kilimwita Darubini kwa jinsi alivyojisifia macho, na kamera ya kwanza alifundishwa kuishika na mpiga picha huyuhuyu, mama aliyekuwa sasa anamjia juu. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwepo picha ile, imechorwa maduara matatu mekundu.

"Mama, tuliza moyo kwanza," alisema. "Ofisi ya elimu imetoa taarifa kwamba ni feki, na mimi nimeikagua mwenyewe. Angalia. Huyu mtoto ana vidole sita. Maandishi ya ubaoni yamevurugika. Kivuli cha dawati kinaenda huku, cha mwalimu kinaenda kule. Jicho langu halidanganyiki."

"Umekagua ipi?"

"Hii uliyonitumia."

"Niliyokutumia kwa simu, kwa ujumbe, kwa sababu ulinipigia kelele niwahi! Picha imebanwa njiani mpaka herufi zimekuwa uji. Ya asili uliniomba?"

Darubini akajikuna shingo.

"Kuniomba kadi tu, mwanangu, kulikushinda?"

Hakungoja jibu. Alichomoa kadi kwenye kamera, akaichomeka mwenyewe. Picha arobaini na moja zikajipanga kwa mfuatano, ghafi, kama kamera ilivyozinasa. Kwenye iliyotangulia ile ya ugomvi, msichana aliyekaa nyuma ya yule mtoto wa vidole sita alionekana vizuri, mkono wake umeshika ukingo wa dawati hilohilo. Sekunde moja baadaye, kwenye ile ya ugomvi, alikuwa amejivuta, kikabaki kidole chake kimoja pembeni ya vitano vya mwenzake. Ubaoni palisomeka hesabu za kugawanya, safi kabisa. Mwanga uliingia dirishani, mwingine ukaingia pale ukuta ulipokuwa, na kila upande ulitupa vivuli vyake.

Waandishi wawili waliokuwa wanajifanya wana kazi walisogea kuchungulia.

Darubini akashusha pumzi. "Basi yaishe, mama. Sasa naona kabisa kwamba ni ya kweli."

Afadhali angenyamaza.

"Unaona! Bado unaona tu! Asubuhi uliona kweli, mchana ukaona feki, sasa umeona kweli tena, na macho ni yaleyale! Kesho mjanja atakuletea ya kutengeneza, vidole vitano vitano, herufi zimenyooka, vivuli vimepangwa, nawe utaipitisha huku unapiga mluzi. Ukiona kasoro, uliza. Usihukumu. Na usipoona kasoro, uliza vilevile. Hata hizi faili zangu zisikutoshe peke yake. Piga simu kwa waliokuwepo. Tuma mtu akasimame palepale."

Mmoja wa wale waandishi, bila kuambiwa, alichukua funguo za gari akatoka.

Darubini alimpigia mwalimu mkuu wa shule ile, akaweka spika.

"Ukuta uko chini tangu Jumatatu," mwalimu alisema. "Nimesimama mbele yake sasa hivi. Picha ilipotoka asubuhi, ofisi ya wilaya ilituma lori la matofali na mafundi. Tukashangilia. Walikuwa wamefika barabarani hapo chini, wakapigiwa simu wageuze. Nilimkimbilia dereva, akanisomea tangazo lenu. Gazeti lenyewe limekiri ni uongo, sasa matofali ni ya nini?"

"Na watoto?" mpiga picha aliuliza.

"Wako ndani, mama. Chumba kingine ninakitoa wapi? Ukuta wa upande wa pili umeanza kufanya ufa."

Mpiga picha alihisi hasira yake inabadilika, inakuwa nzito, inashuka mpaka miguuni. Alikuja kupigania jina lake, na kumbe kulikuwa na watoto chini ya ufa kwa sababu ya maduara matatu mekundu.

"Nianze na kukuomba radhi wewe," Darubini alisema. "Niweke jina lako juu kabisa—"

"Jina langu litasubiri. Andika kwamba tulikosea. Andika kwamba ukuta umeanguka na watoto wako ndani. Halafu piga simu kwa aliyegeuza lile lori."

Darubini akaanza kuandika. Alikosea neno la kwanza mara mbili, na mama alisimama nyuma yake mpaka alipolipata.