Daraja Nililolivunja kwa Mdomo

Nimewahi kuvunja daraja la zege kwa mdomo, bila nyundo wala baruti, na likakaa limevunjika miaka minne huku malori yakipita juu yake. Usiponiamini sikulaumu, hata wakubwa wangu walichelewa kuamini.

Nilikuwa dereva wa idara ya afya, nimebakiza miezi minane nistaafu. Niliitwa kwenye kikao cha bajeti ya kampeni ya chanjo ya surua, maana dizeli humeza fedha na mwenye gari lililoimeza ni mimi. Mezani tulikuwa wanne: Daktari wa wilaya, Mhasibu, mimi, na muuguzi mtunza chanjo. Huyo tulimwita Mama Barafu, kwa kuwa alijua joto la kila friji kuliko alivyojua joto la wanawe.

Wafadhili walikuwa wameweka kikomo: pale timu inapowafuata watoto kwao, gharama isizidi elfu tatu kwa kila mtoto atakayechanjwa. Vituo vingine vyote vilipita. Kijiji cha bondeni, tulichokiita Bonde tu, kilikwama.

"Watoto sitini," Mhasibu alisoma. "Dizeli lita arobaini, laki na ishirini. Posho za timu, elfu sabini na tano. Barafu na mabomba ya sindano, elfu kumi na tano. Gawanya, ni elfu tatu na mia tano kwa mtoto. Tufute."

"Tufute nini, mwanangu?" akauliza Mama Barafu. "Mstari au watoto?"

"Mstari, Mama. Watoto wataletwa mjini."

"Kwa miguu ya nani? Mama atembee siku nzima na mwana mgongoni? Surua yenyewe itafika bondeni, haisubiri bajeti."

Daktari aliuvuta ukurasa kwake. Alikuwa ameshika kalamu, na wino wake ulikuwa mwekundu. Niliitazama ikishuka kwenye ule mstari kama mwewe juu ya kifaranga.

"Daktari," nikasema, "daraja ni zima."

"Daraja gani, Mzee?"

"La njia fupi. Lilitengenezwa miaka minne iliyopita. Lita ishirini na nne zinatosha kwenda na kurudi."

Mhasibu akafungua daftari la safari. "Lakini hapa kila mwaka umeniandikisha: daraja bovu, nimezunguka."

"Nimezunguka kweli. Njia ndefu inapita mlangoni kwa mama mkwe wangu. Na mama mkwe wangu anapika."

Mama Barafu alicheka mpaka akashika meza. Daktari hakucheka. Aliniambia barua ya onyo ningeipata kabla ya jua kuzama, na nilijua itakaa kwenye faili langu hadi siku ya kuagwa. Kisha akamwambia Mhasibu apige upya. Laki na sitini na mbili. Elfu mbili na mia saba kwa mtoto. Bonde limepita!

"Ngojeni," Mama Barafu akafuta machozi ya kicheko. "Mbona kule hatujawahi kulipa mhamasishaji, na watu hujaa?"

Hapo ndipo na mimi nilipofikiri kwa mara ya kwanza. Mama mkwe akishaliona gari uani, hujifunga kanga na kushuka bondeni, nyumba kwa nyumba, akipiga kelele hata aliyekufa ageuke. Gari likipita njia fupi, nani atawaita?

"Wakija thelathini," Mama Barafu akasema, "gharama ya mtoto mmoja inakuwa elfu tano na mia nne. Na kichupa cha dozi kumi kikishachanganywa, zikipita saa sita ni cha kutupa, hata kama kimechanja wawili."

Mhasibu alikuna kichwa. Halafu, nikamshangaa, akaandika mwenyewe: *mhamasishaji, elfu kumi na nane.* Jumla ikawa laki na themanini. Kwa watoto sitini, elfu tatu kamili, haikubaki hata ya pipi.

Siku ya chanjo nilivuka daraja langu polepole, kwa heshima. Barafu kwenye masanduku ilikuwa bado ngumu kama jiwe. Bondeni tulikuta foleni imezunguka shule, na mama mkwe mbele yake, kitambulisho cha uhamasishaji kifuani. Jioni Mama Barafu alihesabu kadi: watoto sitini na wanne.

Mama mkwe aliweka dole gumba kwenye karatasi ya malipo, akalifuta kwa kanga, akanigeukia.

"Kwa hiyo, mkwe, daraja lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima, mama."

"Na miaka yote hiyo mimi nawaringia majirani: mkwe wangu ananipenda, anazunguka milima kuja kunisalimu."

Nilifunga masanduku, nikamfungulia mlango wa mbele.

"Panda, mama, nikurudishe kwako."

Akautazama mshale wa dizeli kwenye dashibodi, akatikisa kichwa. "Iko kwenye bajeti?"

"Haipo."

"Basi nitatembea. Wewe njoo Jumapili, kwa miguu yako."

Nilikwenda.