Seva Sitini na Nne

Mara ya kwanza Marietha aliisoma ile karatasi akiwa amekaa. Mara ya pili aliisoma akiwa wima, kwa sababu hasira ilishamnyanyua kitini. Chini kabisa, kwa wino mzito, kaka yake Obadia alikuwa ameandika: seva zinazohitajika, sitini na nne.

"Sitini na nne," alisema. "Elisha, soma hapa. Labda macho yangu yana wazimu."

Elisha, fundi wa mitambo, hakusoma. Aliijua karatasi hiyo vizuri na alikuwa akiutazama mlango.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya kinu cha mafuta ya alizeti pale Utemini, Singida mjini, na sakafu ilitetemeka kuanzia asubuhi mpaka kinu kinapofungwa. Humo ndimo Marietha na kaka yake walimoitengeneza Salamu, programu ya simu ya kutumiana ujumbe wa maandishi na wa sauti. Ilianza na watu wa kanisani na misikitini, ikaingia kwa wafuga kuku, halafu madereva wakaisambaza barabara nzima mpaka Mwanza. Mwaka ule wa 2014 makampuni ya simu yalikuwa yanagombea wateja mpaka vijijini. Watu wenye umri wa Marietha walikumbuka foleni ya simu ya posta, mtu anapiga kelele kwenye kibanda mji mzima ukisikia habari za mgonjwa wake. Sasa kampuni moja kutoka Dar ilitaka kuiweka Salamu ndani ya kila simu ya bei nafuu itakayouza. Simu milioni nne kwa mwaka.

Sharti lilikuwa moja. Seva, yaani kompyuta za kupokea na kusambaza ujumbe, zitakodishwa kwenye ukumbi wa mitambo Dar na kampuni ndiyo italipa, lakini zisizidi kumi. Zikiwa kumi au pungufu, Salamu inabaki mikononi mwa watu wa Singida, wanaiendesha kutoka hapo hapo juu ya kinu. Zikizidi, kampuni inaichukua yote na kuiendesha kwa mafundi wake, na vijana tisa wanaofanya kazi chumba cha pili wanarudi nyumbani kwao kulima. Mgeni wa kampuni alikuwa njiani. Alitarajiwa alasiri hiyo hiyo, na karatasi aliyokuwa anakuja kuipokea ndiyo hiyo yenye sitini na nne.

"Lete kitu cha kuandikia," Marietha alisema.

Hakungoja aletewe. Alinyakua mezani bahasha ya kadi ya mchango wa harusi, akaitoa kadi, akaigeuza bahasha.

"Watu milioni nne. Wangapi wanaifungua kwa siku?"

"Nusu," Elisha alijibu. "Kwa wateja tulionao sasa ni nusu. Pungufu kidogo."

"Nusu. Milioni mbili. Kila mmoja anatuma ngapi?"

"Ishirini."

"Milioni arobaini kwa siku. Siku ina sekunde elfu themanini na sita na ushee, fanya laki moja, hatupimi dhahabu hapa. Ni ujumbe mia nne kwa sekunde." Kalamu ilikuwa inatoboa bahasha. "Lakini watu hawatumi sawasawa kama saa inavyogonga. Jioni, watu wakishakula, wanatuma mara tano ya wastani. Hiyo tano nimeipima mimi mwenyewe. Elfu mbili kwa sekunde. Na kwa sababu ya makundi, kila ujumbe unafika kwa watu watatu. Elfu mbili zinaingia, elfu sita zinatoka. Kazi elfu nane kwa sekunde. Seva yetu moja inabeba ngapi kabla haijaanza kuhema?"

"Elfu mbili. Tumeijaribu."

"Basi seva nne! Weka mbili za akiba, moja ikifa nyingine ishike. Sita. Sasa niambie sitini na nne imetoka kwenye shimo gani."

Elisha alikuna shingo. "Mimi niliongeza kidogo, dada. Kwenye watu. Nikaweka milioni nane."

"Kwa nini?"

"Tusije tukaumbuka. Wageni wakizidi na chakula kimepungua, aibu ni ya mpishi."

Marietha alitaka kumrushia kalamu. Lakini aliijua hofu hiyo, maana alizaliwa nayo. Nyumbani kwao Misigiri mama hakuwahi kusonga ugali wa watu waliopo tu. Alisonga wa waliopo na wa watakaopita.

"Umeongeza mara mbili. Ilipaswa uandike kwamba umeongeza. Hata hivyo tungehitaji nane tu, na mbili za akiba, jumla kumi. Bado tuko ndani. Nani kaongeza mengine?"

Obadia aliingia wakati huo, akiwa amevaa koti ambalo huvaliwa misibani na benki. Alikuwa amemzidi Marietha miaka saba, ndiye aliyeongea na watu wakubwa, na ndiye aliyeweka saini penye saini.

"Mimi," alisema. "Watu wa sasa hawatumi ishirini, nikaweka arobaini. Jioni ya mara tano niliiona ndogo, nikaweka kumi. Mwishoni nikazidisha mara mbili, kwa usalama. Kuna ubaya?"

"Kaka, umezidisha mara nane juu ya mbili ya Elisha. Mara kumi na sita! Seva zetu nne zikawa sitini na nne. Hii ni lumbesa. Kila aliyeshika gunia ameongeza kichwa chake juu, na gunia bado unaliita gunia."

Neno hilo halikuwa dogo kwa watoto wa mkulima wa vitunguu. Walikua wakimwona baba yao akisimama kimya mbele ya lori huku wachuuzi wakishindilia gunia mpaka linaota nundu, kisha wanalipia kama gunia moja. Obadia alikunja uso.

"Usinitukane kazini. Ukisema sita na zikazidiwa, nani atabeba lawama? Ni bora kuzidisha."

"Ni bora kuzidisha wakati sharti ni kumi? Umesahau sharti?"

"Sijasahau chochote," alisema Obadia, na akaanza kupanga viti.

Marietha alimtazama akipanga viti na hasira yake ikapata joto jingine, lakini hakuwa na muda wa kuiuliza imetoka wapi. Gari lilikuwa limesimama chini.

Mgeni alikuwa mama mtu mzima, Klara, mhandisi mkuu wa kampuni, mwenye magoti mabovu na sauti ya mwalimu wa hesabu. Marietha na Elisha walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitafuta kiti. Chai aliikataa kwa adabu.

"Nimekuja kusikia hesabu," alisema. "Tuanze."

Obadia alinyoosha karatasi yake. Marietha akaweka bahasha juu yake.

"Shangazi, samahani. Hiyo ya chini ina makosa. Hii ndiyo hesabu."

"Marietha!" alisema Obadia.

"Seva sita," Marietha aliendelea, na sauti ilimtetemeka kwa hasira, si kwa woga. "Naomba uihoji upendavyo."

Klara aliisogeza bahasha mbali na macho, akaisoma polepole, hatua kwa hatua, midomo ikicheza. "Sauti mmeiweka wapi? Maandishi ni mepesi. Sauti ndiyo inayojaza diski."

"Ujumbe mmoja kati ya ishirini ni wa sauti. Milioni mbili kwa siku. Sekunde ishirini za sauti yetu ni kilobaiti arobaini, kwa hiyo gigabaiti themanini kwa siku. Maandishi hayazidi kumi. Tisini zote pamoja. Tunatunza siku thelathini, nakala tatu tatu. Terabaiti nane na kidogo. Hizo seva sita zinazibeba, na nafasi inabaki."

"Na mkesha wa Mwaka Mpya? Saa sita usiku nchi nzima inatumiana heri. Hiyo si mara tano, binti yangu. Ni mara ishirini."

Obadia alikohoa, kikohozi cha mtu aliyesubiri swali hilo.

"Ni kweli," Marietha alisema. "Dakika kumi hizo tutazidiwa. Kazi zitakuwa elfu thelathini na mbili kwa sekunde na sisi tunabeba elfu kumi na mbili. Zinazobaki tunazipanga foleni kwenye diski. Watu wakirudi kwenye hali ya jioni ya kawaida, foleni inaisha chini ya saa moja. Heri ya mtu itachelewa, haitapotea. Kununua mashine za mwaka mzima kwa ajili ya dakika kumi ni ujinga, na mimi sitausaini."

Klara aliandika kitu pembeni mwa bahasha, akagawanya, akahakikisha. "Dakika hamsini," alisema. "Sawa. Hii ni hesabu ya mtu aliyefanya kazi." Kisha akamgeukia Obadia, bila ubaya wowote usoni. "Sasa nimechanganyikiwa. Wewe wiki iliyopita uliniambia kwenye simu itafika sitini na kitu, na kwamba hapa hamtaweza. Ndiyo maana tumeshakuandalia ofisi Dar. Ulipata wapi sitini?"

Obadia alianza tena kupanga viti vilivyokwisha kupangwa.

Takwimu zenyewe Elisha alikuwa amezitoa kwenye seva jana yake tu, siku kadhaa baada ya simu hiyo. Marietha hakuhitaji kalamu kwa hesabu hiyo. Elisha aliongeza kwa hofu ya aibu. Kaka yake aliijua jumla kwanza, halafu akarudi nyuma kutafuta vya kuzidisha mpaka aifikie.

Obadia alimwinamia Marietha, akahamia Kinyiramba, lugha ya jikoni kwa mama, akamwambia asimdhalilishe mbele ya mgeni, yeye ni mkubwa wake, watayamaliza nyumbani.

Marietha alimjibu kwa Kiswahili, mgeni asikie. "Vijana tisa, kaka. Umekula chakula chao kila Ijumaa hapa hapa. Ulitaka kwenda Dar? Ungesema. Basi linaondoka kila asubuhi, na halihitaji seva sitini na nne."

"Wewe hujui nilivyochoka na hapa," alisema Obadia.

"Ungechoka peke yako!"

Obadia aliichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye koti. Hakumuaga mgeni. Walisikia viatu vyake vikianza kushuka ngazi.

Klara alivua miwani. "Mkataba unahitaji saini ya mmoja wa wenye Salamu. Naona nitaongea na wewe kuanzia sasa. Seva sita, nakubali. Nani nitampigia usiku zikinyamaza?"

"Mimi," Marietha alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikasirika nayo pia. "Elisha, mfutie kaka neno lake la siri kwenye seva zote."

Elisha alibaki na vidole juu ya kibodi. "Sasa hivi, dada? Ndiyo kwanza yuko kwenye ngazi."

"Sasa hivi," alisema Marietha, "kabla hajafika chini."