Mistari Mia Mbili Hamsini na Minne

Naitwa Ashatu, na nina mdomo. Hilo nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na jirani zangu. Kazi yangu ni kompyuta. Nina chumba cha kupanga hapa Bagamoyo mjini, na ndani ya chumba hicho imo seva ya mradi wa maji wa Fukayosi. Kila linalotokea kwenye pampu, seva huliandika mstari mmoja: kwanza tarehe na saa, kisha neno moja la daraja, kuonyesha jambo lina uzito gani, halafu ujumbe wenyewe. Mistari hiyo ni maelfu, imebanana. Ukiikodolea macho utaumwa kichwa bure.

Jumatano akanipigia simu Mzee Bwanausi, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pampu ilizimwa jana asubuhi, watu hawana maji. Zahanati wanabeba madumu kwa baiskeli. Mgeni, msimamizi wetu, anasema mashine ilimwonya akaizima. Fundi kaja leo, kapima, mota nzima! Kakuta vumbi tu kwenye feni, kalipuliza. Nimemnyang'anya yule mama ufunguo wa pampu, na mwingine anayejua kuiendesha hatuna. Kesho kamati inakaa, na kama alizima kwa uvivu wake, kazi hana. Nataka nijue mashine yenyewe inasema nini."

"Hilo dogo, mzee," nikajibu. Wallahi ndivyo nilivyosema: hilo dogo.

Nikaandika programu fupi. Ilikuwa inasoma mstari mmoja mmoja, inachukua tarehe na saa inaweka safu ya kwanza, inachukua daraja inaweka safu ya pili, na kilichobaki chote kinaingia safu ya tatu, ya ujumbe. Kwenye daraja niliiambia itafute moja kati ya maneno matatu ambayo seva zote nilizowahi kuzishika huyatumia: INFO kwa habari za kawaida, WARN kwa onyo, ERROR kwa kosa. Mstari usiolingana na mpangilio huo, ruka. Dakika ishirini hazikufika, jedwali likatoka limenyooka, nikajipongeza kwa chai na kitumbua.

Nikatafuta Jumanne asubuhi. Palikuwa na mstari mmoja tu wa maana: saa 10:41:07, yaani saa nne na dakika arobaini na moja kwa hesabu yetu, INFO, pampu imezimwa, mtumiaji mgeni, ndiye huyo msimamizi. Juu yake habari za kawaida. Onyo hata moja hapana. Nikasema moyoni, mama huyu kadanganya mchana kweupe. Nikachapa kurasa mbili.

Alhamisi kamati ikakutana Fukayosi, kwenye darasa la shule. Bi Mgeni alikuwa amekaa dawati la nyuma, mwanamke wa makamo, kanga kaifunga vizuri, mikono kaiweka mapajani. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, na upole ule ulinikera. Nikasimama mbele nikasoma jedwali langu kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nilipomaliza, watu wakaguna. Mmoja akasema, "Ala! Kumbe alikuwa anataka kwenda kulala!" Wakacheka.

Mzee Bwanausi akakohoa. "Mgeni, umesikia. Una neno?"

"Ninalo, mwenyekiti." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, naomba hiyo karatasi."

Nikampa. Akaishika mbali kidogo na macho, akapitisha kidole safu ya pili toka juu mpaka chini, polepole, kurasa zote mbili. Nikaanza kuchoka.

"Hapa pote pameandikwa INFO," akasema. "Neno nililoliona mimi halimo."

"Neno gani, mama? Mashine haina neno jingine siku ile."

"Kilipolia king'ora, kwenye kioo lilitokea neno jekundu. Kwanza ONYO. Baadaye likaja KOSA. Kiswahili, mwanangu. Hilo lingine la kigeni nisingelielewa."

Jamani, hapo nikakumbuka.

Programu ya seva ilitoka nje, nayo huandika kwa maneno ya kwao. Lakini sehemu ya vipimo vya joto iliongezwa na Moiz, kijana aliyekuwa fundi wa kompyuta dukani kwa Taherali kabla hajahamia Dar. Moiz alisema kule pampuni wanasoma Waswahili, basi mashine iwaonye kwa lugha yao. Nilikuwa nalijua hilo! Niliwahi hata kumtania kwamba ameigeuza mashine mswahili. Na mimi nimeiambia programu yangu itafute maneno matatu ya kigeni, mengine iruke. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wenyewe ulikuwa wa Bi Mgeni.

"Mzee," nikasema, "naomba dakika tano."

"Umeshasema, binti."

"Nimesema ovyo. Dakika tano."

Nikafungua kompyuta pale pale juu ya dawati. Nikahesabu kwanza, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya jana yake. Faili asili lilikuwa na mistari elfu kumi na nne mia mbili na kumi na miwili. Jedwali langu lilikuwa na elfu kumi na tatu mia tisa hamsini na minane. Mistari mia mbili hamsini na minne nilikuwa nimeitupa, kimya kimya, bila hata kujua.

Nikaongeza ONYO na KOSA kwenye orodha ya madaraja. Nikaondoa ile amri ya kuruka. Nikaiambia programu mstari wowote isiouelewa iuweke kando na inionyeshe. Nikaiendesha upya. Iliyobaki kando ilikuwa mitatu, na yote mitatu haikuandikwa kitu. Iliyosalia mia mbili hamsini na mmoja ilikuwa imeingia jedwalini, kila mmoja mahali pake.

Nikasoma, na safari hii sauti haikuwa ya mwalimu mkuu.

"Jumanne, 10:38:52. ONYO. Joto la mota nyuzi 91. 10:40:15. KOSA. Joto la mota nyuzi 98, zima sasa. 10:41:07. INFO. Pampu imezimwa, mtumiaji mgeni."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja akanong'ona, "Mota nzima kwa sababu aliizima." Na lile vumbi la kwenye feni, lililozuia upepo wa kuipoza mota, kila mtu akalielewa sasa.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mashine iliandika yote. Mimi ndiye niliyeitupa mistari yake. Bi Mgeni, nisamehe. Nimekuaibisha mbele za watu kwa uzembe wangu."

Bi Mgeni akanitazama. "Mimi na wewe tumeshamalizana, mwanangu. Umekosea, umesema. Lakini siku tatu hizi kijiji kizima kinaniita mvivu. Watoto wangu wameambiwa kisimani. Hayo yataingia jedwali gani?"

Swali lile halikuwa langu, na kila mtu alijua ni la nani. Mzee Bwanausi akavua kofia yake, akaigeuzageuza mkononi. Kisha akainuka. Mtu mzima yule, mwenye kamati yake, akatembea mpaka dawati la nyuma.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Watu wakishaswali, kabla hawajatawanyika, nitasimama mimi mwenyewe na kueleza. Nitasema nilikosea na wewe uliiokoa pampu. Kwa sasa nisamehe kwa hili la leo, Mgeni."

Nililia, sioni aibu kusema. Bi Mgeni yeye hakulia. Alikunja ile karatasi yangu mbovu akaniwekea juu ya kompyuta, akasimama, akanyoosha mkono kwa mwenyekiti.

"Nimekusamehe. Sasa nipe ufunguo, watu wana kiu."