Kibao cha Mtu Aliyetangulia

Mama Mapacha alikuwa anapuliza makaa ndani ya pasi aliposikia anaitwa getini. Asubuhi hiyo mkaa ulikuwa umepanda tena, na muuzaji alimpimia kopo lililobonyezwa tumboni ili lishike kidogo. Alilipa, akaondoka. Sare za polisi zilikuwa zimelowekwa, mkaguzi alikuwa anakuja kesho, na mtu mwenye kazi hagombani na mwenye mkaa.

"Mama Mapacha! Njoo kituoni. Mumeo wamemweka ndani."

Alicheka kwanza. Mumewe alikuwa ametoka nyumbani muda si mrefu, kajitwisha furushi la sare zilizokwisha kunyooshwa, kwa sababu mgongo wa mkewe ulikuwa umemkatalia tangu alfajiri. Baba Mapacha alikuwa fundi magodoro, mtu wa sindano na pamba, mpole hata kuku wa jirani walikula mlangoni kwake. Wamweke ndani kwa lipi?

Alipofika, kituo kilikuwa kinanuka rangi mbichi. Kuta zilikuwa zimepakwa kwa ajili ya mkaguzi, na ubao wa matangazo ulikuwa umepanguliwa na kupangwa upya. Yale makaratasi yaliyokuwa yamebandikwa moja juu ya jingine miaka nenda rudi, sasa kila moja lilikuwa na nafasi yake. Katikati, limekuwa la manjano na pembe zimeliwa na mende, lilikuwepo moja lenye neno kubwa: ANATAFUTWA.

Chini ya neno hilo alikuwa mumewe. Kijana, mwembamba, kaangalia mbele. Na pembeni yake mumewe tena, kageuza uso upande. Kifuani ameshika kibao cheusi chenye namba na jina kwa chaki. Chini ya picha jina lilelile limerudiwa kwa herufi za chapa, na mbele yake maneno: kwa kuua mlinzi wa ghala na kutoroka chini ya ulinzi. Pembeni kuna alama moja ya dole gumba, kubwa, nyeusi.

Jina halikuwa la mumewe. Wala la baba yake, wala la ukoo wao wowote.

"Afande," alimwambia Koplo wa kaunta, ambaye shati lake mwenyewe alikuwa amelinyoosha juzi, "sura ni yake. Jina si lake."

"Ndivyo wanavyosema wote, mama."

"Kitambulisho mmekiona?"

"Kitambulisho hata sokoni kinapatikana." Koplo alishusha sauti. "Mama yangu, mimi nakuheshimu. Lakini alisimama hapo na furushi, pale pale chini ya picha yake. Mgeni aliyekuja kuandikisha simu iliyoibwa ndiye aliyepiga kelele. Ningefanyaje? Lori la mahabusu linapita mchana. Anakwenda nalo makao makuu."

"Nimwone."

Walimpa dakika chache kwenye nondo. Baba Mapacha alikuwa amekaa sakafuni, viatu wamemvua, na bado alikuwa na nyuzi za godoro kwenye nywele.

"Mke wangu, nimekumbuka," alisema haraka haraka. "Ule msako wa sokoni, kabla hatujaoana. Tulilala humu, wengi, asubuhi wakatupanga mstari. Kwanza unakwenda meza ya wino, wanakuviringisha vidole. Halafu karani anakuandikia kibao kwa chaki, unakwenda kwa mpiga picha. Mwenzangu wa mbele alikwisha kuchukuliwa vidole, akaandikiwa kibao chake, akaanguka. Povu mdomoni. Wakamchukua mbio kwenda hospitali. Kibao kikabaki kwenye kiti. Mpiga picha akaniambia, wewe, shika hicho, kaa. Nikashika."

"Na hukusema kwamba si chako?"

Alimwangalia kwa macho ya mtu anayeulizwa jambo ambalo jibu lake mwuliza analijua. "Nisome kwa macho gani?"

Kweli. Kusoma alifundishwa na yeye mkewe, baada ya ndoa, kwa kitabu chake kidogo cha sala, na hata sasa alikuwa anafuata mistari kwa sindano.

"Kesho yake walitufungua, hatuna kosa. Nikatoka. Sikuijua habari ya yule mwingine mpaka leo. Kumbe hospitalini alitoroka."

Mama Mapacha alitoka akiwa karibu kukimbia. Mpiga picha yule bado alikuwa hai; kila mtu alimjua. Alikuwa amestaafu na kufungua chumba cha picha za pasipoti nyuma ya soko, na watu walimwita Tabasamu kwa vile hakuruhusu mtu atabasamu. Alimkuta anakata picha kwa mkasi.

"Nakumbuka povu," Tabasamu alisema, hakuinua uso. "Mtu haanguki vile ukasahau."

"Alhamdulillahi. Basi twende ukawaambie."

"Kaa kwanza, dada. Nikueleze kazi ilivyokuwa. Pale nilikuwa na dirisha moja. Jua likihama, picha inaharibika. Mimi sikuwa nasoma vibao. Nilikuwa nasoma mwanga. Mbele, upande, ondoka, mwingine. Nikienda chumba cha giza nasafisha filamu, nachapa, natazama kama pua inaonekana. Picha ikikauka anaichukua karani. Yeye hatazami pua. Anatazama namba ya kibao, anatafuta kadi yenye namba hiyo, anapaka gundi. Yule aliyeanguka akatoroka, makao makuu wakataka tangazo. Mchapaji akachukua kadi: picha ile, jina lile, dole lile. Katika sisi wote, hakuna hata mmoja aliyeona mtu mzima. Kila mmoja aliona kipande chake."

"Kwa hiyo unajua."

"Ninajua." Mkasi ulisimama. "Na nikisema hilo moja limekosewa, wataniuliza mangapi mengine. Siku ile tu walikuwa mstari mzima. Na siku nyingine je? Kuna watu wamefungwa kwa picha zangu, dada. Wengine hawakutoka. Unataka nianze kuhesabu leo, na uzee huu?"

"Nataka mume wangu."

Tabasamu alianza kukata tena, na picha ya mtu fulani ikakatika sikio. "Waombe vidole," alisema. "Vidole vilichukuliwa kabla hajaanguka. Vile ni vyake yule. Kwenye tangazo kuna dole gumba, si ndiyo? Mistari ya dole mtu anazaliwa nayo, anazikwa nayo. Waambie walinganishe. Mimi usinitaje."

Alirudi kituoni huku anaomba Mungu kwa sauti, watu wakimpisha njia.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya chini, na hakumfukuza. Hilo ndilo lililompa matumaini. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaamuru mahabusu atolewe, akaagiza wino.

Koplo alipaka wino kwenye kioo, akausambaza kwa rola mpaka ukawa mwembamba. Akamshika Baba Mapacha kila kidole, akakiviringisha kutoka ukingo wa kucha mpaka ukingo wa pili, kwenye kadi mpya nyeupe. "Legeza mkono, mzee. Usinisaidie." Vidole vya fundi magodoro vilikuwa vigumu kama kwato, ikabidi dole gumba lirudiwe. Mkuu akalibandua tangazo, akaliweka mezani kando ya kadi, akachukua lenzi.

Alitazama. Akatazama tena.

"Sogea, mama. Ona mwenyewe."

Hakuhitaji kusoma sana kuliona. Dole la kwenye tangazo mistari yake ilikuwa inazunguka, duara ndani ya duara, kama maji uliyotupia jiwe. Dole la mumewe mistari iliingia upande mmoja, ikapinda kama kitanzi cha uzi, ikatokea upande uleule.

"Hazifanani," Mkuu alisema.

"Mungu ni mkubwa! Basi mfungulieni."

Mkuu alivua kofia, akaitazama ndani. "Hazifanani, kwa hiyo kuna kosa kwenye jalada. Ama picha imekosewa, ama vidole vimekosewa. Uso huu nani atabisha, mama? Hata wewe ulisema sura ni yake. Mtu akisoma tangazo, uso ndio unaoonekana. Inawezekana karani aliweka dole la mtu mwingine."

"Karani aliweka uso wa mtu mwingine!"

"Inawezekana pia. Lakini anayeamua ni ofisi ya vidole makao makuu. Mimi sina mamlaka ya kumwachia mtu anayetafutwa kwa mauaji. Kesho nina mkaguzi."

"Afande." Alijizuia asilie, maana machozi pale yalikuwa yameonwa mengi. "Mimi nimezaa mapacha wa sura moja. Mwalimu wao anawakosea mpaka leo. Mimi sijapata kuwakosea jina, hata gizani, hata wakiwa na homa. Na huyu mnaniambia simjui?"

Koplo aliinamisha kichwa. Mkuu alichukua kalamu.

Kadi mpya ilikuwa na mistari miwili. Kwenye mstari wa kwanza, penye *Jina*, Mkuu aliandika jina la kwenye tangazo. Kwenye wa pili, penye *Majina mengine anayotumia*, aliandika jina halisi la Baba Mapacha, lile alilopewa na mama yake, lile alilomwolea mkewe.

"Kwa nini la kwake liwe la pili?"

"Ndiyo utaratibu. Jina la jalada linatangulia. Ukilikana, la kwako linaingia kwenye lakabu."

"Na hivi vidole?"

"Vitaambatanishwa. Jalada litakuwa na vidole vipya."

Mama Mapacha alikaa chini. Yeye ndiye aliyeviomba. Asubuhi jina lile lilikuwa na uso wa mumewe tu. Sasa lilikuwa na mikono yake pia.

Lori lilikuja. Baba Mapacha alipandishwa na wengine, mikono myeusi kwa wino, bila viatu. "Wape watoto salamu," alisema. "Waambie nimekwenda kushona magodoro ya serikali." Alijaribu kucheka. Mlango ukafungwa.

Alikwenda nyumbani na kurudi. Aliporudi alikuwa na beseni kichwani, na alilitua juu ya kaunta mbele ya Koplo, maji yakamwagika kwenye rangi mpya. Ndani mlikuwa na sare zote za kituo zilizobaki, zimelowa, hazijafuliwa.

"Mama! Mkaguzi ni kesho!"

"Mwambieni ni za watu wengine. Ataamini."

Tangazo lilikuwa limerudishwa ubaoni, limepigwa muhuri mwekundu: AMEKAMATWA. Alilishika, akalichana taratibu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kufuata mshono. Akatoa picha zote mbili na kibao chake, akaacha jina na dole gumba vikining'inia kwenye pini.

"Hiyo ni mali ya serikali, mama yangu."

"Nimewaachia yenu. Jina na dole ni vya mtu mmoja; sasa hapo hamjakosea. Huu uso ni wa kwetu. Na picha nyingine hatuna."

Akauweka kifuani, akazimwaga sare juu ya kaunta, akachukua beseni lake tupu.

Alikuwa amefika getini alipogeuka. Kupitia dirishani alimwona Koplo amevuta mtoto wa meza. Mlikuwa na rundo la nakala za tangazo lile, safi, zimefungwa kwa uzi tangu zilipotoka kwa mchapaji. Alichomoa moja, akaipiga muhuri, akatafuta pini.