Dakika Tatu za Salamu

Barua ya meneja ilibandikwa Jumatatu mlangoni mwa studio, na mzee Wilondja aliisoma amesimama, midomo ikimcheza kama mtu aliyepewa hati ya mashtaka. Redio yao ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa la Wakongo, mjini Fort Worth, ughaibuni. Kipindi cha salamu za wakimbizi alikianzisha yeye, akakiendesha miaka kumi na minane, na sasa kijana wa juzi alikuwa anamfundisha kushika kaseti.

Kijana mwenyewe, meneja Kigen, alikuwa na miaka arobaini na tano. Alikuwa Mkenya aliyeacha ofisi yake kule Plano ili kuiokoa redio isife, na kazi aliijua. Aliandika hivi:

“Wapendwa, kaseti zetu mia nne na ushee zinaharibika. Kuanzia wiki hii tutazihamishia kwenye kompyuta kwa utaratibu mmoja, bila njia ya mkato. Kwanza, vunja vile vimeno viwili vya plastiki juu ya kaseti, ili hata mtu akikosea kitufe asirekodi juu yake. Pili, safisha vichwa vya deki, vile vinavyosoma mkanda, kwa pamba na spiriti, kisha upeleke mkanda mbele hadi mwisho na kuurudisha kabla ya kuucheza. Tatu, cheza kaseti kwa mwendo wake, pande zote mbili. Usikate ukimya, usisafishe sauti. Nne, usiamini maandishi ya zamani. Lebo mpya iandikwe baada ya kusikiliza yote: nani anasema, yuko wapi, anamwambia nani, na ilitangazwa lini. Namba ya kaseti, ya kasha na ya faili iwe moja. Tano, wasikilize watu wawili, watie sahihi wote wawili. Kila faili likae mahali pawili, na kaseti isitupwe.”

“‘Usiamini maandishi ya zamani,’” Wilondja akarudia. “Maandishi ya nani? Si yangu?”

“Mzee, si personal,” Kigen alimjibu kutoka mezani. “Ni vile tu hatujui ni nini iko ndani.”

“Miye najua.”

Hakujua, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Enzi zile familia zilizohamishwa kutoka kambini Nyarugusu, Tanzania, zilikuja na mifuko ya kaseti, na kipindi kilikuwa saa moja kwa wiki. Wilondja akaweka sheria: kila mtu dakika tatu. Zikiisha, anashusha sauti taratibu, anaweka wimbo wa kwaya, kisha anaandika kwenye kasha: “Imetangazwa.” Zilizobaki hakuzisikiliza. Na watu wa kwao hawaanzi na shida. Wanaanza na Mungu, kisha mchungaji, kwaya, majirani, wagonjwa, watoto mmoja mmoja kwa jina, na neno lenyewe huja mtu akishatulia. Dakika tatu hazikutosha hata kuvuka majirani. Alilijua hilo siku zote, na wasikilizaji walipolalamika aliwaambia redio si baraza la ukoo.

Jumamosi mchana alipangiwa Clothilde kuwa msikilizaji wa pili. Clothilde alifungasha mizigo ghalani wiki nzima, na Jumamosi alijitolea redioni. Watu walimwita Mama Kethia, kwa jina la binti yake aliyezaliwa hapa. Kabla ya Kethia alikuwa na mtoto wa kiume, Aimable. Walipotezana risasi zilipoanza Bukavu mwaka 2004, mtoto akiwa na miaka mitatu. Mwaka 2009, hapo hapo kanisani, walimwekea matanga bila maiti. Wilondja ndiye aliyetangaza msiba redioni.

Kaseti ya sita ilikuwa na mwandiko wa Wilondja: “Josiane, Nyarugusu. Machi 2008. Imetangazwa yote.” Josiane alikuwa dada yake Clothilde, aliyefia kambini mwaka ule ule.

“Ile ya dada yangu!” Clothilde akaichukua kwa mikono miwili. “Papa Wilondja, unakumbuka nilikuomba hii? Ukasema yote imepita kwa redio, hakuna kitu ingine.”

“Nakumbuka.”

Angeweza kusema mkanda umeoza, wasiuguse. Angeweza kuirudisha kwenye kasha lake, aje peke yake siku nyingine, maana vimeno vilikuwa bado vizima na kufuta ni kitufe kimoja tu. Yote mawili aliyafikiria, tusimfiche. Lakini Clothilde alishachukua bisibisi ndogo, akavivunja vimeno kimoja kimoja kama barua ilivyosema, akaupeleka mkanda mbele na kuurudisha. Kisha akavaa vipokea sauti, akampa mzee vya pili.

Josiane akaanza. Akamshukuru Mungu. Akamsalimu mchungaji, akasalimu kwaya. Clothilde alikuwa anacheka na kulia pamoja, anaitikia majina. Dakika ya tatu ikafika, na mkono wa Wilondja ukasogea wenyewe kuelekea kitufe cha sauti, kwa mazoea, akaurudisha pajani. Mstari wa sauti ukaendelea kukimbia kwenye kompyuta. Shangazi. Jirani aliyevunjika mguu. Dakika ya tisa. Mzee akaanza kuomba kimoyomoyo iwe salamu tu, salamu mpaka mwisho.

Dakika ya kumi na moja Josiane akavuta pumzi.

“Sasa, dada, kaa chini. Aimable iko muzima. Watu wa Uvira walimuokota, wakakuja naye huku kambini. Nilimujua kwa kovu ya mukono. Iko hapa na miye. Lakini hii familia inarudi Congo baada ya Pasaka, na wanasema kama mama yake hajibu, watamubeba, juu ni wao walimulea, walimukomesha. Piga kwa namba ya mwalimu, nitaisema mara mbili.” Akaisema mara mbili. “Aimable, salimia mama.”

Ukimya mfupi, kisha sauti ya mtoto: “Mama, jambo. Utakuja siku gani?”

Mkanda ukaendelea hadi mwisho wa upande. Clothilde aligeuza kaseti, kwa kuwa zilitakiwa pande mbili, wakasikiliza nusu saa ya mvumo mtupu. Wilondja hakuthubutu kuvua vipokea sauti kabla yake.

Kisha Clothilde akavuta fomu ya lebo. Nani anasema: Josiane na Aimable. Anamwambia nani: akaandika jina lake mwenyewe. Pale pa “ilitangazwa lini” akaacha, akamsukumia mzee kalamu.

“Andika weye.”

“Mama Kethia, nisamehe. Sikusikiliza. Zilikuwa nyingi sana, miye—”

“Andika.”

Akaandika: “Machi 2008, dakika tatu za mwanzo. Zilizobaki hazikusikilizwa.” Akatia sahihi. Clothilde akatia yake chini, akabandika namba kwenye kaseti na kwenye kasha, akahifadhi faili mahali pawili. Mikono yake haikukosea hata mara moja, na hilo lilimtisha mzee kuliko kilio.

Akatoa simu na kupiga namba ya mwalimu. Sauti ya mashine ikajibu kwamba namba hiyo haitumiki. Alisikiliza mpaka ikakatika yenyewe, akapiga tena, ikajibu vilevile.

“Iko na miaka makumi mbili na ine sasa,” akasema, bila kumtazama. “Anafikiri nilisikia, nikakataa kukuja.”

Clothilde akaiweka simu mezani kati yao, akaongeza sauti, akapiga mara ya tatu.