Gauni Moja Tu, Saizi 18

Gauni lile waliliita Mama Mkwe, kwa sababu lilikuja kama mgeni na halikuonyesha dalili ya kuondoka. Lilikuwa la rangi ya kiini cha yai, lina mikono mikubwa iliyovimba kama maputo, na lilining'inia kwenye hanga ya mwisho kabisa, karibu na pazia la kujaribia nguo. Kila aliyeingia dukani lilimtazama. Hakuna aliyelitazama mara mbili.

Msichana aliyekaa chini yake akipiga pasi, wateja walimwita Admini. Hawakujua jina lake jingine. Ndiye aliyepiga picha za nguo za kuweka mtandaoni, akaandika maneno ya chini ya picha, akajibu simu na ujumbe. Duka lilikuwa la wifi yake, mke wa kaka yake aliyekuwa dereva wa lori na nyumbani alionekana kwa nadra kama mgeni mwalikwa. Kwa miaka yote ya chuo Admini alilala chumba cha uani cha nyumba yao, akala mezani pao, na jioni akarudi dukani kumsaidia wifi. Hakuna aliyemwambia kwamba ni malipo. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Kabla yake, wifi alikuwa akiandika mwenyewe: "Gauni kaliii, njoo inbox," na alama tano za moto. Watu walipita. Admini, kwa aibu yake yote, alikuwa na jambo moja asilolionea aibu: aliandika ukweli. Aliandika bei pale pale juu, kwa sababu mtu anayeambiwa aulizie bei pembeni hudhani atapigwa. Hakuandika saizi peke yake, maana saizi kumi ya kiwanda hiki ni nane ya kile, bali alipima kwa futi ya fundi kifua, kiuno na urefu. Kisha akaeleza namna ya kuagiza, hatua kwa hatua, na mwisho kabisa namba ya simu. Namba ilikuwa yake. Mwanzoni wifi alisema, "Weka yako tu, mimi hao watu watanipasua kichwa." Sasa namba ile ilikuwa chini ya kila gauni lililowahi kuuzwa, na simu yake haikulala. Hata akiwa anaoga aliisikia ikitikisika juu ya ndoo.

Kisha ikapigwa simu nyingine, isiyouliza bei. Maabara ya hospitali ya mji wa mbali, alikoomba kazi baada ya chuo, ilimtaka aanze Jumatatu.

Alikaa na habari hiyo siku mbili. Asubuhi ya Alhamisi akajikaza, akasema huku macho yakiwa kwenye pasi.

Wifi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alicheka, akamshika bega. "Wifi yangu, nani amekukataza? Nenda. Ila kwanza niuzie Mama Mkwe. Ukiweza kumwondoa huyo, nitajua duka limesimama, nami nitakufungia mizigo kwa mikono yangu."

"Kweli, wifi?"

"Mimi na wewe tumeanza kudanganyana lini?"

Admini akalivaa gauni. Mwili wake ulikuwa wa saizi nane, kwa hiyo walilibana nyuma kwa vibanio vya kuanikia nguo, kama walivyofanya kwa kila nguo kubwa, hadi kwa mbele likaonekana limemkaa. Mgongoni alikuwa kama kamba ya dobi. Wifi akapiga picha. Admini akaandika:

"Gauni moja tu, halina pacha. Rangi ya kiini cha yai, mikono ya puto, mifuko miwili inayoingia mkono kweli. Saizi 18: kifua inchi 44, kiuno 38, urefu 50. Bei 45,000, haipungui. Kuagiza: tuma neno GAUNI kwa WhatsApp kwenye namba hapo chini. Utatumiwa namba ya malipo. Ukilipa, tuma ujumbe wa muamala, na gauni linaletwa leo leo. Anayewahi kulipa ndiye mwenye gauni."

Majibu yakaanza kumiminika.

"Bei gani?"

"Saizi 10 ipo?"

"Hilo gauni au pazia la ukumbi?"

"Bei jamani?"

Admini alimjibu kila mmoja kwa upole. Wa pazia naye alimjibu: "Ahsante dada, karibu tena." Hadi saa za alasiri hakuna aliyetuma neno GAUNI. Kila alipoinua macho aliliona lile gauni limerudi kwenye hanga yake, mikono imevimba, kama linamwambia, tupo.

Hapo ndipo alipofanya alichofanya. Alijificha nyuma ya pazia, akamtumia akiba yake rafiki yake Msusi, mwenye saluni mtaa wa pili, na maneno machache: "Ninunulie Mama Mkwe. Usiulize. Lipa kama mteja."

Msusi, ambaye hajawahi kuacha kuuliza, aliuliza mara sita. Kisha akalipa.

Ujumbe wa malipo uliingia kwenye simu ya wifi, ukiwa na jina refu la kwenye kitambulisho ambalo wifi hakuwahi kulisikia. Yeye alimjua kwa jina la Msusi tu. Wifi alipiga kigelegele hadi muuza vyombo wa jirani akachungulia. Mwenye pikipiki akaja, Mama Mkwe akatiwa mfukoni, akaondoka. Admini akabandika neno IMEUZWA juu ya picha. Ile hanga tupu aliitazama kama mtu anavyotazama mlango uliosahauliwa wazi. Usiku ule alikunja nguo zake zote akazipanga kwenye begi.

Jumamosi asubuhi lori dogo lilisimama mbele ya duka. Mtu akashusha furushi, wifi akalikata kamba kwa meno, na ndani kulikuwa na rangi ya kiini cha yai, na chini yake rangi ya kiini cha yai, na chini yake tena.

"Wifi," Admini akasema, "haya ni nini?"

"Kumi! Nilimpigia yule wa jumla usiku ule ule. Akasema ninyi wa kwanza kuyataka, nikamwambia ndiyo, kwa sababu mimi nina mwandishi!" Wifi alikuwa akiyatundika moja moja, uso unang'aa. "Nimetia humo mtaji wote wa mwezi. Sasa wifi yangu, hiyo hospitali waambie wasubiri kidogo. Huwezi kuniacha na mzigo huu peke yangu. Au unaweza?"

Magauni yalijipanga ukutani, mikono ishirini imevimba. Duka likawa dogo ghafla. Admini alitaka kusema, na maneno yakafika hadi kwenye meno. Lakini kusema ni kusema mtaji wa mwezi mzima umekwenda kwa uongo wake. Kutosema ni kukaa hapa chini ya magauni haya hadi la mwisho liondoke. Akachukua pasi. Pasi angalau ilijua kazi yake.

"Andika 'moja tu' kama lile la kwanza," wifi akasema. "Ndivyo wanavyolikimbilia."

"Lakini yapo kumi."

"Utaandika moja tu mara kumi."

Admini hakuandika. Alisema mikono yake imelowa kwa mvuke, atamaliza kwanza kupiga pasi.

"Basi na picha ya mteja," wifi akaendelea, akiichukua simu ya Admini kaunta, kama alivyozoea. "Watu wakimwona mwenzao amelivaa, hawaulizi tena. Huyu aliyenunua tumwombe ajipige moja. Namba yake si hii hapa kwenye ujumbe wa malipo?"

"Wifi, mwache, labda yuko kazini..."

Simu ilikuwa tayari inaita, na wifi alikuwa ameweka spika, maana huwa anaongea na simu kama na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Msusi alipoona namba ya rafiki yake hakungoja hata salamu. "Wee Admini! Hili Mama Mkwe lako utalifuata lini? Nimelitundika saluni, wateja wananiuliza kama nimefungua kanisa! Vipi, wifi yako kakuachia? Au pesa zako zimekwenda bure?"

Wifi aliitazama simu. Akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole kimoja, taratibu, kana kwamba angeweza kuiumiza.

Akairudisha simu kaunta.

"Ulijinunulia," wifi akasema.

Admini alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalidondokea ubao wa pasi, yakafanya madoa ambayo pasi ingeyakausha.

"Ulikuwa unaniomba ruhusa, mimi nikafanya mchezo. Ndiyo ukaona ujilipie ili utoke." Wifi aliketi juu ya furushi tupu. Alikuwa mwanamke mnene, na mara zote alikataa kupigwa picha. Alisema kamera itapasuka. "Mimi nilidhani unakaa kwa sababu unapenda kukaa."

"Napenda, wifi. Ila..."

"Ila namba yako iko chini ya kila kitu."

Admini hakujua kwamba wifi alikuwa ameliona hilo.

Wifi aliinuka, akavuta gauni moja ukutani, akaingia nyuma ya pazia. Zipu ikapanda. Alipotoka, hakukuwa na kibanio hata kimoja. Mikono ilikuwa imetua mabegani pake kama iliyorudi kwao. Ile rangi, iliyomfanya Admini aonekane mgonjwa wa manjano, juu ya wifi iliwaka.

"Kama mteja hayupo, mteja ni mimi," wifi akasema, bila kumtazama. "Piga. Kichwa usikikate."

Admini alipiga. Akapiga tena.

"Andika ukweli wako. Yapo mangapi?"

"Kumi. Tisa, ukilichukua hilo."

"Nalichukua. Andika tisa. Saizi?"

"Kumi na nane." Akaandika vipimo, rangi, mifuko, bei ile ile. Akafika kwenye namna ya kuagiza, na kidole kikaenda chenyewe kwenye tarakimu alizoziandika mamia ya mara.

"Hapo," wifi akasema. "Hapo weka yangu."

Kisha akaitaja namba yake, tarakimu moja moja, ingawa wote wawili walijua kwamba Admini anaijua kwa moyo. Alipofika ya mwisho, akairudia.

Admini akairusha picha mtandaoni. Simu yake ilikaa kimya juu ya kaunta. Ya wifi ikatikisika ndani ya mfuko wa gauni, ule mfuko unaoingia mkono kweli. Wifi akaitoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma.

"Anauliza bei! Wifi, si tumeiandika? Hana macho huyu? Sasa namjibu nini?"

Mkono wa Admini ulinyanyuka kuipokea simu. Akaurudisha, akaishika pasi kwa mikono yote miwili.

"Mjibu tu bei, wifi," akasema. "Halafu mwambie karibu."

Wifi akaanza kuandika, kwa kidole kimoja, midomo ikisoma kila herufi.